Penseli kabla ya kalamu nyekundu

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuuondoa mwongozo wa kusahihisha mezani. Aliukunja mara mbili, akautia ndani ya droo na kufunga. Kisha akaivuta karatasi ya maswali, akatazama saa ya ukutani, akaandika saa hiyo pembeni kwa penseli, na kuanza kuufanya mtihani kama mwanafunzi.

Tulikuwa Garsen, mwezi wa Juni 2024, katika chumba chenye madirisha mawili yanayotazama mwarobaini. Mtihani wenyewe ulikuwa wa pamoja, wa kidato cha tatu, uliokusudiwa kufanywa na shule kadhaa za eneo la delta ya Tana. Ulikuwa wa Kiswahili, karatasi ya pili, na ulifuata umbo la karatasi ya 102/2 ya KCSE: ufahamu alama 15, ufupisho alama 15, matumizi ya lugha alama 40, isimujamii alama 10. Jumla ni alama 80, na muda ni saa mbili na nusu. Aliyeutunga alikuwa mwalimu kijana. Aliyeombwa kuupitia ni mwalimu wa kike aliyefundisha na kusahihisha Kiswahili kwa miaka mingi, ambaye kijana huyo humwita Madamu, kama wanavyomwita walimu wengi wa huko. Mimi niliomba ruhusa ya kukaa pembeni na kutazama.

Nilimuuliza Madamu kwa nini aufanye mtihani ambao angeweza kuusoma tu. Akasema mtu anayesoma swali huku jibu analo mkononi haoni kasoro, kwa maana jibu linamwelekeza swali lilitaka nini. Mwanafunzi hana wa kumwelekeza. Basi akaandika, swali kwa swali, bila kuruka hata yale mepesi. Alipofika mahali pa kusita hakusimama kufikiri sana. Aliweka nukta ndogo pembeni na kuendelea. Alipomaliza nilihesabu nukta 11. Saa ilionyesha kwamba alitumia dakika 96.

Hilo la dakika alilitaja kabla ya jambo lingine lolote. Kipimo chake mwenyewe ni kwamba mwalimu mzoefu anapaswa kumaliza kwa nusu ya muda wa mwanafunzi, yaani dakika 75 kwa karatasi hii. Akizidi hapo sana, kuna mwanafunzi atakayegongewa kengele akiwa bado katika isimujamii, naye atakosa alama za kitu anachokijua. "Mwalimu," alimwambia kijana, "karatasi yako ni ndefu. Tutaona inarefuka wapi."

Baada ya hapo alitoa rula na kupiga jedwali. Upande wa kushoto aliorodhesha mada za silabasi hadi pale kidato cha tatu kilipofika, na juu akaweka safu tatu: kukumbuka, kuelewa, kutumia. Kila kipengele cha sehemu ya matumizi ya lugha alikiandika katika chumba chake pamoja na alama zake. Kazi hiyo haina haraka, na kwa mtu anayetazama inaweza kuonekana kama ya karani. Lakini dakika ishirini baadaye jedwali lilikuwa limesema jambo ambalo hata mtunzi hakulijua. Kati ya alama 40, alama 12 zilikuwa za ngeli na upatanisho wa kisarufi, zimetawanywa katika vipengele sita vilivyovaa nguo tofauti: hapa wingi, pale kiambishi, kwingine kirejeshi. Sauti hazikuwa na alama hata moja. Usemi halisi na usemi wa taarifa, hakuna. Uakifishaji, hakuna.

Kijana alishtuka kwa dhati. Alikuwa ametunga vipengele hivyo kwa siku tofauti, na kila siku kimoja kilionekana kipya.

Madamu hakumlaumu. Alimweleza jambo moja ambalo naona linahusu Tana River kuliko mahali pengi. Madarasa ya huku yana mtoto wa Kipokomo na mtoto wa Kiorma wanaokaa dawati moja. Kipokomo ni lugha ya Kibantu, jamaa ya karibu ya Kiswahili, na mtoto wake amekua akipatanisha ngeli nyumbani kabla hajajua kwamba zinaitwa ngeli. Kiorma ni cha jamii ya Kikushi. Hakina mpangilio huo, na mtoto wake amejifunza kila kiambishi darasani. Ngeli ni sehemu ya silabasi na lazima zitahiniwe. Wote wawili wamefundishwa, na wote watahiniwe. Ila ukizipa alama 12 kati ya 40 huku mada nyingine zikiachwa kavu, umeanza kupima lugha ya mama ya mtoto badala ya kile alichofundishwa. Aliziteremsha hadi alama 5. Zile 7 zilizobaki aliziandikia mahali pake: sauti 2, uakifishaji 2, usemi wa taarifa 3.

Kabla ya kuliweka jedwali kando, alitoa karatasi nyingine. Ilikuwa orodha ya mahali ambapo kila shule ilikuwa imefika katika silabasi. Mwaka huo muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili, lakini mvua na mafuriko yaliahirisha ufunguzi nchini kote hadi tarehe 13 Mei. Kwa shule za kando ya Mto Tana, kufunguliwa kwa muhula hakukuwa na maana kwamba kila mwanafunzi aliweza kufika siku ile. Alikuwa amewapigia simu walimu wa somo, mmoja baada ya mwingine, akawauliza swali moja tu: mada ya mwisho uliyoimaliza ni ipi? Shule mbili hazikuwa zimefundisha vishazi tegemezi. Katika rasimu kulikuwa na kipengele cha alama 3 juu ya vishazi tegemezi. Alikipiga mstari taratibu kwa rula, alama zake akazipa mada iliyokwisha kufundishwa kote, na akaandika pembeni: "Kiwekwe muhula wa tatu."

Sehemu ya ufahamu aliianza kwa njia iliyonifanya nisogeze kiti karibu. Alichukua daftari, akakifunika kifungu chote, akaacha maswali tu. Kisha akajaribu kuyajibu bila kusoma.

Kifungu kilikuwa kisa cha babu anayekataa kuhama mto unapofurika, na mjukuu anayemsihi. Kimeandikwa vizuri, na kinahusu maisha ya watoto hao. Lakini swali la nne liliuliza: "Taja hasara nne za mafuriko (alama 4)." Madamu alilijibu papo hapo, kifungu kikiwa kimefunikwa. Mazao husombwa, mifugo hufa, barabara hukatika, maji ya kunywa huchafuka, shule hufungwa, malaria huzidi. Akafungua. Kifungu kilikuwa na hasara tatu tu, na mwongozo ulikuwa umeongeza ya nne kutoka kichwani mwa mtunzi.

Swali lile lina kasoro mbili, na akazitenganisha. Ya kwanza ni kwamba halipimi kusoma. Hakuna mtoto wa Garsen asiyejua mafuriko hufanya nini, na mwenye bidii ya kusoma kifungu na yule asiyekigusa watapata alama zilezile. Ya pili ni mbaya zaidi. Mtoto atakayeandika kutokana na maisha yake ataandika kweli, kisha msahihishaji aliyefungwa na mwongozo atamnyima, kwa sababu ukweli huo haumo katika kifungu. Aliongeza pia kwamba kwa mkulima wa kando ya mto, maji yakirudi nyuma huacha udongo wenye rutuba na mahali pa kupanda mpunga na ndizi, hivyo kuna mtoto atakayesita hata kuyaita mafuriko hasara. Kusita huko hakustahili kumgharimu.

Swali jipya alilitunga akiwa ameweka kidole kwenye aya ya pili: "Kwa mujibu wa aya ya pili, ni mambo gani mawili yaliyomfanya babu akatae kuhama? (alama 2)." Babu alikataa kwa sababu kaburi la mkewe lilikuwa pale, na kwa sababu mto ule ulimrudisha salama mara mbili alipokuwa kijana. Hakuna anayeweza kubahatisha hayo bila kusoma. Alikifunika tena kifungu na kujiuliza kama asiyekisoma angeweza kulijibu swali hilo. Hangeweza, na hapo ndipo aliporidhika.

Kisha akajumlisha alama za sehemu ile. Kichwa kilisema 15. Maswali ya rasimu yalikuwa na alama 2, 2, 3, 4 na 3, ambazo ni 14. Kosa la namna hii ni la kawaida katika mitihani ya shule, na hugunduliwa mwanafunzi anapokuja ofisini na karatasi yake akiuliza alama yake moja iko wapi. Swali la nne liliposhuka hadi alama 2, pengo likawa la alama 3, akalijaza kwa swali moja linalomtaka mwanafunzi alinganishe msimamo wa babu mwanzoni na mwishoni mwa kisa. Alama 1 ni ya msimamo wa kwanza, alama 1 ya msimamo wa mwisho, alama 1 ya kilichombadilisha. Alimwonyesha kijana kwamba swali hilo lina sehemu tatu zinazoonekana, na kwa hiyo alama zake tatu zina mahali pa kukaa.

Ufupisho ulimchukua muda mrefu, na hapa ndipo nilipoona subira yake ilivyo. Kifungu kilihusu mikoko ya mdomo wa mto, upande wa Kipini. Sehemu ya (b) iliwataka wanafunzi wafupishe aya mbili za mwisho kwa maneno 45, kwa alama 8, na 1 kati yake ni ya mtiririko. Maana yake ni kwamba lazima aya hizo ziwe na hoja 7. Alizitafuta kwa penseli, akiandika namba pembeni mwa kila hoja. Moja, mbili, tatu. Alipofika ya sita akarudi nyuma. Sentensi moja ilisema mikoko hukinga ufuo. Nyingine, mistari minne chini, ilisema kwamba palipokatwa mikoko mawimbi hula nchi kavu. Alizisoma zote mbili kwa sauti ya chini, mara mbili.

"Hii ni hoja moja imegeuzwa upande," alisema.

Kijana alitaka kubisha, kisha akanyamaza, akazisoma tena. Ni kweli. Hoja ya saba nayo ilikuwa mfano wa hoja ya pili, haikuwa hoja mpya. Zilibaki tano. Mwongozo wake ulikuwa umeorodhesha saba, na mwanafunzi bora kabisa, aliyeelewa kwamba ufupisho ni kuacha marudio na mifano, angepata alama 6 kati ya 8 kwa kosa la kuwa bora.

Mtu mwingine angeongeza sentensi mbili kwenye kifungu ili hoja zitimie. Madamu hakufanya hivyo. Alisema kifungu kilichoshonwa viraka huonekana, na wanafunzi hujua kwamba sentensi iliyokaa kwa nguvu ndiyo hoja. Badala yake aliihesabu aya ya kwanza, iliyotumika katika sehemu ya (a), akakuta ina hoja 8 ilhali ilipewa alama 7 pamoja na mtiririko. Akahamisha mizani: sehemu ya (a) ikawa alama 9, hoja 8 na mtiririko 1, sehemu ya (b) ikawa alama 6, hoja 5 na mtiririko 1. Jumla imebaki 15. Kisha akaandika ufupisho wake mwenyewe wa sehemu ya (a), akahesabu maneno kwa ncha ya penseli. Hoja nane hazikuingia katika maneno 45 hata alipobana. Zilichukua 58. Akaubadilisha mpaka wa maneno wa sehemu hiyo ukawa 60, na wa sehemu ya (b) ukawa 40. Mpaka wa maneno, kwa mkono wake, hutoka katika jaribio la namna hiyo.

Jua lilikuwa limehama dirisha tuliporudi kwenye zile nukta 11. Nyingi zilikuwa katika matumizi ya lugha, na karibu zote zilikuwa za maswali yenye njia mbili.

Nukta ya kwanza ilikuwa hapa: "Andika kwa wingi: Ukuta wake umebomoka." Mwongozo ulisema: "Kuta zao zimebomoka." Madamu alimuuliza kijana, "Hapa ulitaka nini, Mwalimu?" Alitaka sentensi yote iingie katika wingi, mwenye ukuta pamoja na ukuta. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na kuta nyingi, na mwanafunzi aliyeandika "Kuta zake zimebomoka" hajakosea sarufi yoyote. Kuna walimu wanaoshikilia "zao" na kuna wanaokubali "zake", na watoto wa shule tofauti wamefundishwa tofauti. Walizungumza kama wangeweza kukubali majibu yote mawili katika mwongozo. Wangeweza. Ila yeye alipenda kuliondoa tatizo lenyewe lisiwepo. Akaandika: "Ukuta huu mpana umebomoka." Jibu ni moja: "Kuta hizi pana zimebomoka." Sentensi hiyo hata inapima zaidi ya ile ya kwanza, kwa sababu mwanafunzi lazima ajue kwamba neno "mpana" linapoteza kiambishi chake linapofika kwenye "kuta". Neno "wake" lilikuwa limeleta mabishano bila kupima chochote.

Nukta nyingine ilikuwa ya kinyume chake, na ilinifurahisha. Swali lilitaka maana mbili za sentensi "Salimu alimkimbilia Komora". Utata hapa umekusudiwa, maana sentensi tata ni mada ya silabasi, na swali lenyewe liko wazi. Ila mwongozo ulikuwa na maana mbili tu: alikwenda mbio kuelekea aliko Komora, na alikimbia kwa niaba yake. Madamu alikaa na sentensi ile kama mtu anayegeuza tunda mkononi. Akaongeza kwamba Salimu anaweza kuwa amemwendea Komora kutafuta hifadhi, hata kama hakupiga mbio. Akaongeza pia kwamba anaweza kuwa amekimbia kwa sababu ya Komora. Hivyo maana zilikuwa nne, na mwanafunzi mwenye sikio la lugha angeweza kuandika zile mbili zisizo kwenye mwongozo na kupata sufuri. Swali hakuligusa. Mwongozo ndio aliopanua: maana zote nne, kisha maneno "zozote mbili, 1 × 2".

Uchanganuzi wa sentensi ulikuwa na shida ya tatu, ya hesabu. "Changanua sentensi hii (alama 4): Wavuvi walivua samaki lakini wakulima walipanda mpunga." Kwanza hakikutajwa chombo, iwe jedwali, matawi au mishale. Akaongeza "kwa jedwali". Kisha akaangalia tiki za mwongozo. Kijana alikuwa ameweka nusu alama kwa kila kipande: S1, U na S2 ni tatu, KN na KT za pande zote mbili ni nne, N, T na N za pande zote mbili ni sita. Vipande 13 kwa nusu alama ni alama 6 na nusu, ilhali swali lina 4. Msahihishaji wa shule ya kwanza angekata popote anapotaka, na wa shule ya pili angekata kwingine.

Aliviunganisha. Kuigawa sentensi kwa S1, U na S2 ni alama 1. KN na KT za upande mmoja zikiwa sahihi zote ni nusu alama, na upande wa pili nusu, kwa hiyo 1. Aina za maneno za upande mmoja ni alama 1, na za upande wa pili 1. Hizo ni 4. Chini yake aliandika maelekezo mafupi ambayo kwangu yalikuwa ndiyo ufundi wenyewe: vitabu vingine huweka nomino moja kwa moja chini ya KT, vingine huweka KN kwanza kisha N, "kubali yote mawili, mradi mwanafunzi awe amefuata mtindo mmoja pande zote."

Isimujamii ilikuwa swali moja: "Eleza sifa za sajili ya mnada wa mifugo (alama 10)." Mtoto asiyejua idadi ya sifa zinazotakiwa anaweza kuandika kumi kwa mstari mmoja mmoja, akapata 5, huku mwenzake aliyeandika tano kwa mifano akapata 10. Maneno "sifa tano" yaliandikwa mara moja. Kisha akauliza nani kati ya wanafunzi hawa amesimama mnadani. Wa jamii za wafugaji, wengi. Binti wa mkulima wa mpunga, huenda hapana. Wakaafikiana na sajili ya soko, na Madamu akaandika mazungumzo mafupi ya kuwekwa juu ya swali ili kila mtahiniwa awe na kitu kimoja cha kutazama:

"Fungu bei gani, mama?"
"Mia mbili. Lakini wewe kastoma wangu, leta mia na themanini."
"Punguza bwana, mwezi uko kona."
"Haya, ongeza kumi juu ya mia na hamsini nikufungie."

Siku ya pili ilikuwa ya mwongozo. Hapa wengi huishia kulinganisha majibu na maswali, na kazi ikawa imekwisha. Yeye alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kwa kuwa mtihani hauwezi kujaribiwa kwa wanafunzi bila kuvuja, aliandika mwenyewe majibu ya wanafunzi watatu wa kubuni. Mmoja anajua na ana mwandiko wa haraka. Mmoja anajua nusu na kujaza nafasi kwa maneno. Wa tatu hujibu vizuri swali ambalo hakuulizwa. Aliyaandika kwa miandiko mitatu tofauti kiasi, na kuweka makosa ya tahajia anayokutana nayo kila muhula. Kijana alipewa nakala. Mwalimu mwingine, aliyekuwa hajaiona karatasi, aliombwa kwanza aufanye mtihani uliorekebishwa, akatumia dakika 73, kisha akapewa nakala zilezile. Wakakaa meza mbili na mwongozo uleule, bila kusemezana.

Walipomaliza, Madamu aliandika alama zao sambamba katika safu mbili. Nyingi zilikutana. Zilipotofautiana, hakuuliza nani amekosea. Aliuliza mwongozo ulisema nini mahali pale. Katika isimujamii, mwanafunzi wa pili alikuwa ameandika: "Wanataja pesa kama mia mbili." Mmoja alimpa 2, mwingine 1. Mwongozo ulikuwa umesema tu "msamiati wa biashara, alama 2". Aliuandika upya: kutaja sifa ni 1, mfano kutoka katika mazungumzo ni 1, mfano bila sifa ni 0, anayetaja zaidi ya sifa tano asahihishiwe tano za kwanza. Kwa jibu lile walikubaliana kwamba "wanataja pesa" inatosha kuwa sifa, na "mia mbili" ni mfano, basi 2. Wakaliandika katika mwongozo kama jibu linalokubalika ili asibishe mwingine.

Mwanafunzi wa tatu ndiye aliyeibua suala la tahajia. Alikuwa ameandika "alikataha" mara tatu katika ufahamu. Msahihishaji mmoja alimkata nusu alama mara tatu, mwingine mara moja. Walikubaliana: kosa lilelile hukatwa mara ya kwanza tu, na makato hayatazidi nusu ya alama alizopata katika swali. Sheria hiyo haikuwa imeandikwa katika mwongozo. Kila shule ilikuwa na yake, na katika mtihani wa pamoja tofauti hiyo peke yake ingeweza kumtoa mtoto nafasi ya kumi na kumpeleka ya ishirini.

Wakajumlisha mara ya mwisho, kwa kikokotoo na kwa kidole: 15, 15, 40, 10. Rasimu zote, pamoja na karatasi yenye nukta 11 na majibu ya wale wanafunzi watatu wa kubuni, zilichomwa nyuma ya jengo, na Madamu akasimama pale mpaka zikawa jivu. Nakala safi ya maswali ilitiwa bahasha moja, mwongozo bahasha nyingine, na kila moja ikafungwa kwa lakiri. Kati ya vipengele 19 vya matumizi ya lugha vilivyoingia chumbani mle, 8 vilitoka kama vilivyoingia.